Pistoni Inakimbia Kiasi Gani? Jibu Liko Nje ya Injini

Krenki ilikuwa imezungushwa robo mzunguko barabara, lakini pistoni ilikuwa imeshapita katikati ya silinda. Hilo ndilo lililomkera fundi. Injini yenyewe ilikuwa 1HZ ya Land Cruiser, ile dizeli ya silinda sita ambayo ukiingia mbugani huwezi kukosa kuisikia ikinguruma, na siku hiyo ilikuwa imelala juu ya meza ikiwa haina silinda hedi. Pistoni zilionekana zote kama sufuria zilizotumbukizwa kwenye mashimo. Fundi alikuwa amechora alama za chaki kwenye puli ya mbele, moja kila baada ya nyuzi kumi, na alikuwa akizungusha kwa spana ndefu huku akipima kina cha pistoni ya kwanza kwa vernia.

"Mwalimu," akaniambia, "safari ya pistoni hii ni milimita mia. Kushuka ni nusu mzunguko. Basi robo mzunguko si ingekuwa milimita hamsini? Mbona napata hamsini na saba?"

Nimefundisha uchoraji wa kiufundi miaka mingi, na sijawahi kupata swali zuri la kuanzia somo hili kuliko hilo. Akaendelea kuzungusha, nami nikawa naandika. Kutoka kikomo cha juu, nyuzi kumi za kwanza zilimshusha pistoni milimita moja tu. Kati ya alama ya nyuzi 70 na ile ya 80, zile zile nyuzi kumi zilimshusha milimita tisa. Mkono wa fundi ulikwenda kwa mwendo ule ule, lakini pistoni ilitambaa, kisha ikakimbia, kisha ikatambaa tena.

Kwa hiyo mtu akiuliza kasi ya pistoni, jibu la kwanza ni swali: kasi ya wakati gani? Wahandisi wana namba moja rahisi wanayoitumia kulinganisha injini, nayo ni kasi ya wastani. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, hiyo ni mara 50 kwa sekunde. Katika kila mzunguko pistoni inashuka milimita 100 na kupanda milimita 100. Mara 50 kwa sekunde inakuwa mita 10 kwa sekunde. Namba hiyo ni ya kweli, ila inafanana na kusema basi la Dodoma lilikwenda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa: haikuambii lilipita Kibaigwa kwa kasi gani. Tunachokitaka sisi ni kasi ya pistoni krenki ikiwa mahali fulani hasa, na njia ya kuipata inaanzia mahali ambapo wengi hawapategemei.

Anza na baiskeli. Inapokwenda, gurudumu lake linazunguka na kusogea kwa pamoja. Lakini ile nukta ya tairi inayogusa ardhi, kwa kipande hicho kidogo kabisa cha muda, haiendi popote. Ingekuwa inakwenda, tairi lingekuwa linateleza na kuacha mburuzo. Nukta ya juu kabisa ya tairi inakwenda mara mbili ya kasi ya baiskeli. Ndiyo maana ukipiga picha ya baiskeli inayopita, spoki za chini hutoka wazi na za juu hutoka na ukungu. Kwa kitambo hicho kimoja, gurudumu zima linafanya kama mlango, na bawaba yake iko pale chini tairi linapogusa lami. Kitambo kinachofuata bawaba hiyo imeshahamia nukta nyingine.

Bawaba hiyo ya muda ndiyo tunayoiita kitovu cha papo. Johann Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, aliandika juu yake mwaka 1742, muda mrefu kabla ya injini ya dizeli. Wazo ni kwamba kitu chochote kigumu kinachotembea kwenye bapa moja, hata kiwe kinakwenda kwa namna ya kutatanisha vipi, kwa kila kitambo kina nukta moja ambayo kinaizunguka kana kwamba kimepigiliwa msumari pale. Ukiijua nukta hiyo, unajua kila kitu kuhusu kasi za kitambo hicho. Mlango hauna siri: kitasa kilicho mbali na bawaba kinakimbia, na ubao ulio karibu na bawaba unajikokota. Kilicho mbali mara mbili kinakwenda kasi mara mbili.

Sasa turudi kwenye injini. Humo ndani kuna vitu vitatu vinavyotuhusu. Krenki inazunguka kwenye beringi zake, na kitovu chake hakihami: tukiite O. Pini ya krenki, ambayo konrodi imeishika kwa kichwa chake kikubwa, tuiite A. Hiyo inakwenda duara kamili kumzunguka O. Pini ya pistoni, ambayo konrodi imeishika kwa kichwa kidogo, tuiite B. Hiyo inapanda na kushuka tu kwenye mstari wa silinda, haina njia nyingine.

Krenki ni rahisi kueleweka, na pistoni vilevile. Kiumbe cha ajabu ni konrodi. Upande mmoja umelazimishwa kwenda duara, upande mwingine umelazimishwa kwenda wima, na katikati yake kila nukta inachora umbo lake la yai. Lakini konrodi ni chuma kigumu. Haivutiki wala haijikunji, angalau si kwa kiasi cha kutusumbua hapa. Kwa hiyo, kama gurudumu la baiskeli, kwa kila kitambo ina bawaba yake ya muda. Iko wapi?

Tunaitafuta kwa akili ya mlango. Kitasa cha mlango hakiwezi kusogea kuelekea bawaba wala kuikimbia. Kinasogea kwa kukata pembe mraba na mstari unaokiunganisha na bawaba. Geuza maneno hayo: ukijua kitasa kinaelekea wapi, chora mstari unaokata mwelekeo huo kwa pembe mraba, na bawaba itakuwa mahali fulani kwenye mstari huo. Pini ya krenki A inasogea kwa kukata pembe mraba na mkono wa krenki OA. Basi bawaba ya konrodi iko kwenye mstari wa OA wenyewe, ukirefushwa. Pini ya pistoni B inasogea wima. Basi bawaba iko kwenye mstari wa ulalo unaopita B. Mistari miwili, na mahali inapokutana ndipo kitovu kilipo. Tukiite I.

Chora na utaona jambo linalowashangaza wanafunzi kila mwaka: I haipo kwenye konrodi. Mara nyingi haipo hata ndani ya injini. Iko nje kabisa, pembeni mwa bloku, mahali ambapo kwenye gari lenyewe pangekuwa na hewa tu au betri. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama amekosea kwa sababu kitovu chake kilitoka nje ya silinda. Hakukosea. Kitovu cha papo si kipande cha chuma. Ni mahali tu, na konrodi inapazunguka bila kupagusa.

Tufanye hesabu nzima mara moja, kwa namba. Injini ya 1HZ ina silinda za kipenyo cha milimita 94 na safari ya milimita 100, kwa hiyo mkono wa krenki OA ni nusu ya safari, milimita 50. Konrodi nitaichukulia kuwa milimita 175 kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, yaani mara tatu na nusu ya krenki, uwiano wa kawaida kwa dizeli za magari. Kama una konrodi yako mezani, ipime na uweke namba yako. Mwendo ni ule ule, mizunguko 3000 kwa dakika, na krenki imepita kikomo cha juu kwa nyuzi 45.

Kwanza kasi ya A, ambayo haihitaji ujanja. Duara lake lina nusu kipenyo cha milimita 50, kwa hiyo kulizunguka mara moja ni milimita 314. Mara 50 kwa sekunde, A inakwenda mita 15.7 kwa sekunde. Kasi hiyo haibadiliki, maana tumechukulia kwamba krenki inazunguka sawasawa.

Sasa chukua karatasi ya kawaida, rula, bikari na kipimapembe, na uchore kwa nusu ya ukubwa halisi. Piga mstari wima upande wa kushoto. Huo ndio mstari wa silinda. Weka O chini. Kutoka O chora OA ya sentimita 2.5 ikiwa imeinama nyuzi 45 kuelekea kulia. Fungua bikari sentimita 8.75, iweke kwenye A, na ukate mstari wima kule juu: hapo ni B. Ukipima OB utapata kama sentimita 10.3. Kisha refusha OA kwa ule ule mshazari, na kutoka B piga mstari wa ulalo kwenda kulia. Vinapokutana ni I.

Pima umbali mbili. Kutoka I hadi B ni sentimita 10.3. Kutoka I hadi A ni sentimita 12.1. Konrodi yote inazunguka I kama mlango, kwa hiyo kasi ya B ikilinganishwa na kasi ya A ni kama umbali wa B ukilinganishwa na umbali wa A:

```
vB = vA × IB / IA
vB = 15.7 × 10.3 / 12.1 = 13.4 m/s
```

Ndiyo hivyo. Hakuna kalkulasi ya ngazi ya chuo, hakuna jedwali. Ukiifanya kwa trigonometria hadi nukta nne unapata mita 13.40 kwa sekunde, na rula ya shule imekupa jibu lile lile. Na mchoro huo huo una zawadi nyingine ndani yake. Gawanya kasi ya A kwa umbali halisi wa IA, ambao ni milimita 242, na utapata jinsi konrodi yenyewe inavyojigeuza: radiani 65 kwa sekunde, sawa na mizunguko kama 620 kwa dakika. Krenki inazunguka 3000, konrodi katika kitambo hicho inapepea kwa mwendo wa 620, na kwa upande wa kinyume.

Sasa izungushe krenki taratibu kichwani mwako na umfuate I anavyohama. Krenki ikiwa juu kabisa, OA na mstari wa silinda ni mstari mmoja, na mstari wa ulalo wa B unaukata pale pale B. Kitovu kimekaa juu ya pini ya pistoni. Umbali IB ni sifuri, kwa hiyo kasi ya pistoni ni sifuri, lakini konrodi inabembea juu ya pini hiyo kwa mwendo wake mkubwa kuliko wakati wowote, zaidi ya mizunguko 850 kwa dakika. Krenki inaposhuka, I inatoka kwenye silinda na kukimbia kwenda pembeni. Kwenye nyuzi 60 iko karibu milimita 340 kutoka kwenye pistoni. Kwenye nyuzi 80 iko zaidi ya mita moja. Kwenye nyuzi 90 mkono wa krenki umelala, mstari wa B umelala pia, na mistari miwili iliyo sambamba haikutani. Kitovu kimetoweka.

Usiogope. Mlango ambao bawaba yake iko mbali sana hauzunguki. Unasogea wote kwa pamoja kama mlango wa kusukuma kwenye reli. Kwa kitambo hicho kimoja konrodi haigeuki hata kidogo. Nukta zake zote zinakwenda kasi moja na upande mmoja, na kwa hiyo pistoni inakwenda sawasawa na pini ya krenki: mita 15.7 kwa sekunde. Baada ya hapo kitovu kinatokea upande wa pili, kinarudi kutoka mbali, na krenki ikifika chini kabisa kinatua tena kwenye B.

Kwenye karatasi, hata hivyo, kutoweka huko ni kero. Mwanafunzi akipewa nyuzi 80 hana karatasi ya kutosha. Njia ya kuliepuka tatizo hili vitabu huiita mchoro wa Klein, nami huwa naufundisha mapema kwa sababu hauhitaji kumfuata I porini. Badala ya kurefusha OA, refusha konrodi yenyewe. Kutoka B pita A, endelea hadi ukutane na mstari wa ulalo unaopita O. Nukta hiyo iite M. Pembetatu ndogo OAM ina umbo lile lile la pembetatu kubwa IBA, ila imepunguzwa na kugeuzwa. Pande zake zinalingana kwa uwiano ule ule. IB kwa IA ni sawa na OM kwa OA. Na kwa kuwa kasi ya A ni OA mara mwendo wa krenki, kasi ya pistoni inakuwa:

```
vB = ω × OM
```

Hapo ω ni mwendo wa krenki kwa radiani, 314 kwa sekunde katika mfano wetu. Kwa nyuzi 45 ukichora kwa ukubwa halisi, OM ni milimita 42.6. Zidisha kwa 314, geuza kuwa mita, na unarudi kwenye 13.4. Krenki ikishavuka nyuzi 90, A iko chini ya mstari wa ulalo, kwa hiyo huna haja ya kurefusha chochote; konrodi yenyewe inaukata mstari huo njiani.

Nauona mchoro huu mzuri kwa sababu unageuza kasi kuwa urefu unaouona kwa macho. Krenki inapozunguka, M inateleza kwenye mstari wa ulalo, inatoka O, inaenda pembeni, inarudi. Umbali wake kutoka O ndio kasi ya pistoni. Na sasa angalia vizuri ni wapi unakuwa mrefu kuliko kote. Mtu angetegemea nyuzi 90, M inapokuwa juu ya A yenyewe, milimita 50 kutoka O. Sivyo. Krenki ikiwa kwenye nyuzi 74, konrodi inakuwa imekata mkono wa krenki kwa pembe mraba, inaligusa duara la krenki bila kuliingia, na ikirefushwa inaangukia nje ya duara. M iko milimita 52 kutoka O. Kilele chenyewe kiko nyuzi moja tu mbele, kwenye 75, na kasi yake ni mita 16.3 kwa sekunde. Pistoni, ambayo inasukumwa na pini ya krenki, kwa kitambo hicho inakwenda kasi kuliko pini yenyewe.

Chora sasa nyuzi 105, ambazo ziko umbali ule ule upande wa pili wa robo mzunguko. OM inashuka hadi milimita 44.6, na kasi ni mita 14 tu. Nusu ya juu ya safari na nusu ya chini si mapacha.

Hapa ndipo swali la fundi linapojibiwa. Krenki inaposhuka robo mzunguko wa kwanza, pini A inashuka milimita 50. Lakini wakati huo huo konrodi, iliyokuwa imesimama wima, inainama. Kijiti cha milimita 175 kikiinama kiasi hicho, kimo chake kinabaki milimita 167.7. Milimita 7.3 zilizopotea zinaivuta pistoni chini zaidi, na ndizo zilizomtoa fundi kwenye hamsini zikampeleka hamsini na saba. Katika robo ya pili krenki inashuka milimita 50 nyingine, lakini konrodi sasa inanyooka na kuirudishia pistoni zile 7.3, kwa hiyo pistoni inashuka kama milimita 43 tu. Juu, kushuka kwa krenki na kuinama kwa konrodi vinasaidiana. Chini, vinavutana.

Nilimwambia azungushe tena hadi vernia isome hamsini kamili. Alama ya puli ilisimama kabla kidogo ya nyuzi 82. Maana yake katika kila mzunguko pistoni inatumia nyuzi 164 tu katika nusu ya juu, na nyuzi 196 katika nusu ya chini. "Kumbe inapenda kukaa chini," akasema. Konrodi fupi huongeza tofauti hiyo, konrodi ndefu huipunguza, na konrodi isiyo na mwisho ingeiondoa kabisa, ila hakuna bloku ya kuibeba.

Kuna kosa moja la mchoro ambalo nataka nilisimamie, kwa sababu halijionyeshi. Mwanafunzi anapata I sawasawa, anapima IB sawasawa, kisha kwa haraka anapima umbali wa I hadi O badala ya I hadi A. Katika mfano wetu anapata sentimita 14.6 badala ya 12.1, na kasi inatoka mita 11.1. Namba inaonekana ya heshima kabisa, wala haimshtui mtu. Tatizo ni kwamba IB kwa IO daima ni saini ya pembe ya krenki, konrodi iwe fupi au ndefu. Amekokotoa injini ambayo konrodi yake haiinami. Utamjua kwa jaribio dogo: mwambie afanye nyuzi 75 na nyuzi 105. Akipata kasi moja kwa zote mbili, amepima hadi O.

Kosa la pili hujionyesha upesi. Wengine hupiga mstari kutoka B kwa kukata konrodi badala ya kukata njia ya pistoni. Huyo mpeleke kwenye nyuzi 90. Mistari yake ikikutana mahali popote, amekosea, kwa sababu pale haipaswi kukutana. Sheria ni kutazama B inaelekea wapi, si konrodi imelalaje. Na sheria hiyo inafaa hata kwenye injini ambazo mstari wa silinda umesogezwa kidogo pembeni ili usipite katikati ya krenki, kwa ajili ya kupunguza msuguano wa pistoni na ukuta. Hesabu ya kitabuni kwa injini hizo inaongezewa vipande. Mchoro hauongezewi kitu: chora mstari wa silinda ulipo kweli, na I itajitafutia mahali pake.

Mpaka wa njia hii nao ujulikane. Kitovu cha papo kinakupa kasi. Hakikupi mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika. Rudi kwenye kikomo cha juu, I ikiwa imekalia pini ya pistoni. Kasi ni sifuri, na mtu angeweza kusema pistoni imepumzika. Haijapumzika hata kidogo. Inageuzwa kutoka kupanda kwenda kushuka, na kwa mizunguko 3000 mchapuko wake pale ni kama mita 6,300 kwa sekunde kwa sekunde, karibu mara 650 ya mvuto wa dunia. Kila kilo ya pistoni inavuta pini na boliti za konrodi kana kwamba ni kilo 650. Chini kabisa, kwa sababu ya ule ule upande wa konrodi kuvutana na krenki, mchapuko ni mita kama 3,500 tu. Ukitaka namba hizo, kitovu hakitoshi, kwa sababu chenyewe kinahama. Nukta isiyo na kasi bado inaweza kuwa na mchapuko, kama ile nukta ya tairi la baiskeli inayosimama kwenye lami na papo hapo inang'olewa kwenda juu.

Pale juu pia ndipo silinda inapolika. Pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda ya injini iliyofanya kazi sana, kutoka chini kwenda juu, na karibu na ukingo utagota kwenye ngazi ndogo. Hiyo ni sehemu ambayo ringi ya juu haikuifikia, na chini yake tu ndipo chuma kilipoliwa zaidi. Utando wa oili kati ya ringi na ukuta huletwa na mwendo: ringi ikikimbia, oili inavutwa chini yake na kuibeba. Ringi ikisimama, utando unakonda. Kwenye kikomo cha juu mwendo unakuwa sifuri wakati ambao moto na shinikizo viko karibu na kilele. Katikati ya silinda, pistoni inapokimbia mita 16 kwa sekunde, ukuta mara nyingi bado unaonyesha ile mikwaruzo mishazari iliyoachwa na mashine ya kusafishia silinda. Fundi aliupitisha ukucha kwenye silinda ya kwanza, akanionyesha ngazi, kisha akanionyesha kwenye karatasi yangu mahali I ilipokaa juu ya B. Hakusema neno.

Kama una rula na dakika kumi, chora ile ya nyuzi 105 kwa ukubwa halisi: krenki milimita 50, konrodi 175. Ukipata OM ya milimita 44 hadi 45 uko sawa. Ukipata 48, umetumia saini peke yake na kusahau kwamba konrodi inainama. Ukipata 52, umechora nyuzi 75.